Saini ya mwenyekiti na asilimia 25: uchambuzi wa kisa cha muhtasari uliopingwa

Kisa hiki ni cha chama kimoja cha ushirika. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na nimebadilisha mambo machache yasiyogusa hoja ili wahusika wasitambulike. Kilichobaki ni mfuatano wa matukio na hoja zilizotolewa mbele ya mwamuzi.

## Usuli

Chama kilikuwa na kamati ya wajumbe 9, akidi ikiwa ni wajumbe 5. Meneja aliyeajiriwa ndiye aliyekuwa katibu wa vikao vya kamati. Utaratibu huo umezoeleka sana, kwa sababu meneja ndiye mwenye ofisi, kompyuta na mafaili, na kwa ajenda nyingi hauleti shida yoyote.

Masharti ya chama yalikuwa na kifungu kifupi kuhusu mihtasari: muhtasari ukithibitishwa na kikao kinachofuata na kutiwa saini na mwenyekiti, utakuwa ushahidi wa yaliyoamuliwa mpaka ithibitike vinginevyo. Maneno hayo matatu ya mwisho, "mpaka ithibitike vinginevyo", ndiyo yaliyokuja kuamua kesi nzima. Siku yanaandikwa, nadhani hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Mkataba wa meneja ulikuwa unakaribia kwisha. Aliandika barua akiomba aongezewe miaka 3 na kwamba mwisho wa mkataba alipwe kiinua mgongo cha asilimia 25 ya mshahara wa msingi wa kipindi chote.

## Kikao cha kwanza

Wajumbe 7 walihudhuria. Ilipofika ajenda namba 5, "Mkataba wa Meneja", mwenyekiti alimwomba meneja atoke nje, naye akatoka. Hapo walifanya sawasawa, ila hakuna aliyeteuliwa kushika kalamu badala yake. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu mwenye mazoea ya kuandika kila kitu, alikuwa na daftari lake binafsi na aliandika mistari mitatu: miaka 3; kiinua mgongo 15%; mhazini alete hesabu kikao kijacho.

Mjadala ulichukua kama nusu saa. Meneja alipoitwa ndani, mwenyekiti alimpongeza na kumwambia kamati imekubali maombi yake. Mwenyekiti alisema baadaye kwamba alimaanisha maombi ya kuongezewa muda. Meneja alisema kwamba yeye alielewa maombi yote, pamoja na ile asilimia 25, na haikumjia akilini kuuliza.

Akaandika hivi kwenye muhtasari, chini ya namba 5: "Kamati ilijadili na kuridhia kuongeza mkataba wa Meneja kwa miaka 3, na kiinua mgongo cha asilimia 25 kama kilivyoombwa."

Barua ya mkataba iliyotoka wiki moja baadaye haikutaja asilimia yoyote. Ilisema tu kwamba kiinua mgongo kitalipwa "kwa kiwango kilichoidhinishwa na kamati". Kwa sentensi hiyo mkataba ukajivua kazi yake na kuutwika muhtasari.

## Kikao cha pili

Kikao kilichofuata kilifanyika wiki 11 baadaye. Rasimu ya muhtasari haikuwa imetumwa kwa wajumbe kabla. Waliikuta mezani, kurasa 5, siku hiyo hiyo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna marekebisho. Mjumbe mmoja alirekebisha tahajia ya jina lake. Mwingine akatoa hoja kwamba muhtasari uthibitishwe, akaungwa mkono, na mwenyekiti akatia saini ukurasa wa mwisho. Kurasa nne za mwanzo hazikuwa na alama yoyote, na ajenda namba 5 ilikuwa ukurasa wa tatu.

Baada ya yatokanayo, mhazini aliwasilisha bajeti ya mwaka. Kwenye jedwali la stahili za watumishi kulikuwa na mstari wa kutenga kiinua mgongo cha meneja: kiasi sawa na mishahara yake ya miezi 1.8 kwa mwaka. Ukipiga hesabu, asilimia 15 ya miezi 12 ni miezi 1.8. Kama kiwango kingekuwa asilimia 25, mstari huo ungesomeka miezi 3. Bajeti ilipitishwa bila kupingwa. Meneja alikuwa ndani wakati huo, na ndiye aliyeandika kwenye muhtasari wa kikao hicho kwamba bajeti "imepitishwa kama ilivyowasilishwa".

Kwa hiyo katika kikao kimoja mambo mawili yanayopingana yalipita mbele ya watu wale wale. Kamati ilinyamaza ilipowekewa asilimia 25, na meneja alinyamaza alipowekewa miezi 1.8.

## Mgogoro

Miaka 3 ilipokwisha, mwenyekiti alikuwa mwingine na wajumbe 4 walikuwa wapya. Meneja hakuomba kuendelea. Alidai kiinua mgongo cha asilimia 25, yaani mishahara ya miezi 9. Chama kilikuwa kimetenga miezi 5.4. Tofauti ilikuwa miezi 3.6, si fedha ya kufilisi chama, lakini si ndogo pia.

Akaongeza dai la pili. Kwa miezi 12 ya kwanza ya mkataba mpya alilipwa posho ya nyumba, kisha ikakatwa ghafla. Alitaka malimbikizo ya miezi 24. Wajumbe wa zamani walikumbuka wote kwamba siku ile ya ajenda namba 5 walikubaliana posho hiyo ikome, kwa kuwa mshahara ulikuwa umepanda. Muhtasari ulikuwa kimya kabisa kuhusu posho, na daftari la mwalimu pia.

## Maamuzi ya kamati mpya, na sababu zake

Wazo la kwanza la mwenyekiti mpya lilikuwa kumtafuta mwenyekiti wa zamani, kuandika upya ukurasa wa tatu ukiwa na asilimia 15, na kuurudisha kwenye faili. Sioni kama alikuwa na nia ya kughushi. Alisadiki kwa dhati kwamba anarekebisha kosa la uandishi. Na kwa kuwa saini ilikuwa ukurasa wa mwisho tu, jambo lenyewe lingewezekana kwa dakika tano.

Wakili wa chama alilikataa moja kwa moja. Muhtasari ukishathibitishwa na kusainiwa haubadilishwi, hata kama umekosewa. Msimamo huu ni wa zamani: mwaka 1889, katika shauri la kampuni ya Cawley, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikutana na muhtasari wa bodi uliokuwa umebadilishwa, na Lord Esher akasema anatumaini hatasikia tena katibu wa kampuni akigusa muhtasari kwa kufuta wala kuongeza, hata awe ameagizwa na wakubwa wake. Sababu yake si ukali wa utaratibu tu. Ukurasa uliobadilishwa ukigundulika, faili zima hupoteza imani, pamoja na kurasa zilizo sahihi. Na katika kisa hiki ungegundulika, maana meneja alikuwa na nakala yake tangu siku ya kwanza.

Njia iliyofuatwa ni ya azimio la marekebisho. Kamati mpya ilikaa, ikaandika kwenye muhtasari wa kikao chake kwamba maelezo ya ajenda namba 5 ya kikao fulani hayalingani na uamuzi uliofanyika, ikataja sababu, na kuuacha ukurasa wa zamani ulivyo. Ni njia safi, lakini tusiipe nguvu isiyo nayo. Mwamuzi aliipa azimio hilo uzito mdogo mno, kwa sababu lilipitishwa na upande mmoja wakati mgogoro umeshaanza, na wajumbe 4 kati ya waliolipitisha hawakuwepo siku ya uamuzi. Azimio kama hilo lina thamani kubwa likifanyika mwezi mmoja baada ya kosa. Miaka 3 baadaye linabaki kuwa maelezo ya mlalamikiwa.

Uamuzi mwingine wa kamati ulikuwa kutafuta maandishi ya siku zile badala ya kukusanya hati za viapo. Ndipo walipompata mwalimu mstaafu na daftari lake, likiwa na tarehe, na kurasa za kabla na baada zikiwa zimejaa mambo mengine ya kipindi hicho kwa mfuatano. Wakatoa pia jedwali la bajeti na muhtasari wa kikao cha pili.

## Matokeo

Shauri lilipelekwa kwa mwamuzi, kama masharti ya chama yalivyotaka.

Kuhusu kiinua mgongo, mwamuzi alianza na muhtasari uliosainiwa. Alisema huo ndio ushahidi wa kuanzia, na kwamba anayeupinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Meneja hakuhitaji kuleta kitu kingine. Chama ndicho kilichotakiwa kuonyesha kwamba muhtasari wake chenyewe, uliothibitishwa na kikao chake chenyewe, haukuwa sahihi. Mwishoni aliridhika kwamba chama kimefanya hivyo, na akaamua asilimia 15.

Kuhusu posho ya nyumba chama kilishindwa. Kililipa malimbikizo ya miezi 24.

Na kila upande ulibeba gharama zake, ingawa chama kilikuwa kimeshinda dai kubwa. Mwamuzi alieleza kwamba mgogoro usingekuwepo kama kamati ingesoma kurasa 5 kabla ya kuzithibitisha.

## Uchambuzi

### Kwa nini saini haikutosha

Wengi huamini kwamba saini ya mwenyekiti hufunga mjadala. Si hivyo, isipokuwa katiba au masharti ya taasisi yaseme hivyo. Sheria za makampuni za nchi nyingi huweka kanuni ya katikati. Ile ya Uingereza ya mwaka 2006, kwa mfano, inasema katika kifungu cha 249 kwamba muhtasari wa kikao cha wakurugenzi, ukithibitishwa na mwenyekiti wa kikao hicho au wa kikao kinachofuata, ni ushahidi wa yaliyotendeka. Ni ushahidi, na ushahidi unaweza kupingwa kwa ushahidi mwingine.

Hali hubadilika pale masharti yanaposema kwamba muhtasari uliosainiwa ni ushahidi wa mwisho. Mwaka 1940 mahakama ya Uingereza ilikutana na kifungu cha namna hiyo katika shauri la Kerr dhidi ya kampuni ya John Mottram, na ikakataa kusikiliza ushahidi wa kupinga muhtasari, kwa kuwa hapakuwa na madai ya udanganyifu. Waliofungwa ni wale ambao masharti hayo yanawahusu. Laiti ushirika wetu ungekuwa na kifungu kama hicho, na kama meneja angekuwa mwanachama anayefungwa na kunufaika nacho, daftari la mwalimu pengine lisingefunguliwa kabisa. Ndiyo maana nasema yale maneno matatu ndiyo yaliyoiokoa kamati. Ukiwa mjumbe wa kamati yoyote, tafuta kifungu hicho kwenye masharti yenu usome kinasema lipi kati ya hayo mawili.

### Kilichoupunguzia muhtasari uzito

Kamati ilikuwa na wajumbe 5 waliokuwa tayari kuapa kwamba walikubaliana asilimia 15. Peke yao wasingetosha. Walikuwa na maslahi na upande mmoja, miaka mitatu ilikuwa imepita, na wote walikuwepo siku muhtasari unathibitishwa wakanyamaza. Wakili wa meneja aliwauliza mmoja mmoja swali lile lile: je, ulisoma ukurasa wa tatu kabla ya kuunga mkono? Aliyejibu ndiyo alijikuta akieleza kwa nini hakupinga. Aliyejibu hapana alikiri kwamba alithibitisha asichokijua.

Kilichoamua ni swali jepesi zaidi: mwandishi alijuaje? Meneja alikuwa nje wakati wa mjadala. Sentensi aliyoiandika haikuwa kumbukumbu ya alichosikia bali tafsiri ya pongezi za mwenyekiti, na ilikuwa tafsiri inayomnufaisha yeye. Mwamuzi hakusema meneja alidanganya. Alisema tu kwamba kwa ajenda ile, muhtasari haukuwa na shahidi nyuma yake, wakati daftari lilikuwa nalo: liliandikwa ndani ya chumba, wakati ule ule, na mtu asiye na cha kupata.

Bajeti ikakamilisha. Ule mstari wa miezi 1.8 uliandaliwa na mtu mwingine kabisa, kwa kazi nyingine kabisa, kabla hapajawa na ugomvi. Ushahidi wa namna hii, uliojitengeneza wenyewe kwenye shughuli za kawaida, hushinda viapo vingi.

Hapa ni vizuri kutazama kesi iliyokwenda upande wa pili. Muhtasari wa bodi ya kampuni ya James Hardie ya Australia ulirekodi kwamba Februari 2001 wakurugenzi waliidhinisha rasimu ya tangazo kwa soko la hisa. Rasimu ya muhtasari wenyewe ilikuwa imeandaliwa kabla ya kikao, na ilikuwa na makosa kadhaa. Bodi iliuthibitisha Aprili mwaka huo. Miaka baadaye wakurugenzi walipodai kwamba tangazo hilo halikuletwa mbele yao, Mahakama Kuu ya Australia, mwaka 2012, ilikataa. Muhtasari ulikuwa rekodi rasmi, waliupitisha wenyewe muda mfupi baada ya tukio, na makosa ya sehemu nyingine hayakutosha kuuangusha katika sehemu hii. Tofauti na kisa chetu ni kwamba kule hapakuwa na maandishi ya wakati ule yanayosema kinyume kwa uwazi kama daftari na bajeti zilivyosema hapa. Kamati isiyo na mwalimu mwenye daftari ingeishia walikoishia wakurugenzi wale.

### Ukimya wa muhtasari

Dai la posho linafundisha jambo ambalo makatibu wengi hulielewa nusu. Uamuzi usioandikwa kwenye muhtasari haufutiki kwa sababu hiyo tu. Tangu shauri la Fireproof Doors la mwaka 1916, mahakama ya Uingereza imekubali kwamba azimio ambalo halikurekodiwa linaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo mwamuzi alikuwa tayari kusikiliza.

Lakini alisikiliza kumbukumbu za vichwani peke yake, na mwenendo wa chama ulizipinga. Kama posho ilikomeshwa siku ya ajenda namba 5, kwa nini orodha ya mishahara iliendelea kuilipa kwa miezi 12, tena ikisainiwa kila mwezi na mhazini aliyekuwa kwenye kikao? Mhazini hakuwa na jibu. Mimi binafsi naamini walikubaliana kweli. Haikusaidia.

### Mwenyekiti anathibitisha nini hasa

Wakati wa shauri lilizuka swali la pembeni ambalo nalisikia kila mara: je, mwenyekiti asiyekuwepo kikao cha kwanza anaweza kutia saini muhtasari wake? Kwa kawaida anaweza. Anayesimamia kikao cha pili anasaini kuonyesha kwamba kikao hicho kimeukubali muhtasari kuwa sahihi. Hatoi ushuhuda wa aliyoyaona. Kwa sababu hiyo pia, mwenyekiti hawezi kukataa kusaini kwa kuwa yeye binafsi anakumbuka tofauti. Analopaswa kufanya ni kuleta marekebisho yake kikaoni kama mjumbe mwingine, na kikao kiamue. Kuthibitisha nako si kuafiki uamuzi: aliyeupinga anaweza kuthibitisha kwamba umeandikwa sawasawa.

Na saini ina sehemu yake ya kimwili. Mwenyekiti wetu alisaini ukurasa mmoja kati ya 5. Wakili wa meneja angeweza kugeuza hoja na kudai kwamba nakala ya chama ndiyo iliyobadilishwa, na chama kingepata tabu kujibu. Bahati nzuri nakala mbili zililingana neno kwa neno. Herufi za jina la mwenyekiti pembeni mwa kila ukurasa, namba za kurasa kwa mtindo wa "3 kati ya 5", na tarehe ya siku ya kusaini badala ya tarehe ya kikao, vingeondoa mlango huo. Marekebisho yanayokubaliwa mezani huandikwa kwa mkono kwenye nakala yenyewe, mwenyekiti akaweka herufi zake kando ya kila moja, kisha yakatajwa kwenye muhtasari wa siku hiyo chini ya ajenda ya kuthibitisha.

### Yaliyobadilishwa

Chama sasa hutuma rasimu ndani ya siku 7 baada ya kikao, na kwa ajenda yoyote inayomhusu meneja, mjumbe mmoja huteuliwa kuandika, jina lake likatajwa kwenye muhtasari. Kabla meneja hajaitwa ndani, mwandishi huyo husoma azimio kwa sauti, likiwa na kiwango, tarehe ya kuanza na masharti yake. Mambo hayo hayakubishaniwa.

Kilichobishaniwa ni madaftari. Baadhi ya wajumbe walitaka maandishi yote ya mkono na rekodi za sauti viharibiwe mara tu muhtasari unaposainiwa, ili kuwe na rekodi moja tu. Ni utaratibu unaopendekezwa na wengi, na una mantiki: daftari la mtu mmoja linaweza kuwa na dhihaka, makosa au nusu ya sentensi. Wengine walisema daftari ndilo lililowaokoa miezi 3.6 ya mshahara. Walikubaliana maandishi ya katibu yatunzwe mpaka kikao cha tatu kipite, kisha yaharibiwe, isipokuwa kama kuna mgogoro ulioanza au unaoonekana kuja, maana hapo kuyaharibu kunaweza kuchukuliwa kama kuficha ushahidi. Madaftari binafsi ya wajumbe hayakuwekewa kanuni. Mwalimu mstaafu aliwaambia kwamba lake hakusudii kumkabidhi mtu.